Kutoka Arua hadi Kampala: kwa nini nyongeza ya uhamisho mara nyingi haitoshi

Barua ya uhamisho kutoka Arua kwenda Kampala kwa kawaida huwa fupi. Hutaja cheo, tarehe ya kuripoti, na wakati mwingine asilimia fulani ya mshahara itakayoongezwa kwa sababu maisha ya mji mkuu ni ghali. Mara chache hueleza asilimia hiyo ilipatikanaje, na ni mara chache zaidi kueleza ni kiasi gani kitamfikia mfanyakazi mkononi baada ya makato.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo la West Nile. Kwa miaka mingi Arua imekuwa kituo cha mashirika yanayohudumia wakimbizi katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi wilayani Yumbe na Lobule wilayani Koboko. Tangu Julai 1, 2020 Arua ni jiji kamili lenye divisheni mbili, Arua ya Kati na Ayivu, na benki, kampuni za simu na taasisi za serikali zina matawi yake huko. Hata hivyo makao makuu ya karibu taasisi zote hizo yako Kampala, umbali wa karibu kilomita 500. Ufadhili wa misaada ulipopungua mwaka 2025, hasa baada ya Marekani kulifunga shirika lake la USAID, mashirika mengi yalilazimika kupunguza watumishi na miradi. Kwa waliobakizwa kazini, kuhamishiwa makao makuu kumekuwa mojawapo ya njia za kuendelea kuwa na ajira.

Uhamisho kama huo unaweza kuwa kupandishwa cheo kwenye karatasi na kushuka kwa kipato nyumbani. Tofauti kati ya mambo hayo mawili hutokana na namna hesabu inavyofanywa.

Fahirisi ya bei si kipimo cha ughali wa mji

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya mshahara kuguswa. Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, hukusanya bei kila mwezi katika miji kadhaa, Arua ikiwa miongoni mwao pamoja na Gulu, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara na Fort Portal. Kampala hupimwa kwa makundi mawili, la wenye kipato cha juu na la wenye kipato cha kati na cha chini. Kutokana na bei hizo hutolewa fahirisi ya bei za walaji, na kila mji huwa na namba yake.

Mhasibu anayetafuta kigezo cha haraka hushawishika kuziweka namba mbili sambamba, ya Arua na ya Kampala, na kuona ipi ni kubwa. Hilo ni kosa. Fahirisi hiyo huanzia 100 katika mwaka wa msingi kwa kila mji, iwe mji huo ulikuwa ghali au rahisi wakati huo. Baada ya hapo hueleza tu bei za mji huo zimepanda kwa kasi gani. Ikiwa fahirisi ya Arua ni kubwa kuliko ya Kampala, maana yake ni kwamba bei za Arua zimepanda kwa kasi zaidi tangu mwaka wa msingi. Haimaanishi kwamba Arua ni ghali kuliko Kampala. Ni sawa na kulinganisha watoto wawili kwa sentimita walizoongezeka mwaka huu na kudai kwamba aliyeongezeka zaidi ndiye mrefu zaidi.

Kinachohitajika ni ulinganisho wa viwango: kapu lile lile la mahitaji, kwa ubora ule ule, linanunuliwa kwa shilingi ngapi Arua na kwa shilingi ngapi Kampala katika wiki moja. Fahirisi ya UBOS ina kazi yake, lakini kazi hiyo huja baadaye, posho iliyokwisha kupangwa inapopaswa kuongezwa kadiri bei zinavyopanda.

Ulinganisho huo pia unaonyesha kwamba si kila kitu ni rahisi Arua. Sukari, sabuni na bidhaa nyingine za viwandani husafirishwa kutoka kusini mwa nchi, na gharama ya lori huongezwa kwenye bei ya dukani. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwishoni mwa mwaka 2024, magari yalilazimika kuzunguka njia ndefu zaidi. Wanunuzi kutoka Sudan Kusini na Kongo nao huvuta bei za baadhi ya vyakula juu. Kinachoitofautisha Kampala zaidi ni mambo matatu: kodi ya nyumba, usafiri wa kila siku na ada za shule. Mtu anayelinganisha bei za dukani peke yake anaweza kuhitimisha kwamba miji hiyo miwili inakaribiana, na hesabu yake ikawa imekosea mahali penye uzito zaidi.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfanyakazi wa kubuni, ofisa wa ngazi ya kati katika shirika lenye ofisi Arua, mwenye mwenzi na watoto watatu, anayelipwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Bei zinazotumika hapa ni za mfano tu, ili kuonyesha njia ya kukokotoa. Viwango vya makato ni vya sheria.

Kodi ya mapato nchini Uganda huanza kukatwa pale mshahara unapozidi shilingi 235,000 kwa mwezi. Kwa anayepata zaidi ya 410,000, kodi ni shilingi 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kila kinachozidi 410,000. Ofisa huyu basi hukatwa shilingi 352,000. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, huchukua asilimia 5 ya mshahara, yaani 75,000, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Anayopokea mkononi ni shilingi 1,073,000.

Akiwa Arua, familia hutumia shilingi 300,000 kwa nyumba, 350,000 kwa chakula, 50,000 kwa bodaboda, 200,000 kwa ada za shule zikigawanywa kwa miezi, na 100,000 kwa mengineyo. Jumla ni milioni moja, na hubaki 73,000 za akiba.

Kampala, nyumba ya aina ile ile nje kidogo ya katikati ya jiji ni shilingi 600,000. Chakula ni 430,000. Usafiri wa teksi za abiria kwenda na kurudi kazini, pamoja na wa watoto, ni 170,000. Ada ni 300,000, na mengineyo hayabadiliki. Jumla sasa ni shilingi 1,600,000. Gharama imepanda kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, au asilimia 60 ya matumizi.

Sasa mwajiri anatangaza nyongeza ya asilimia 20 ya mshahara, shilingi 300,000. Ikisomwa ofisini, inaonekana kuwa nusu ya pengo imezibwa. Lakini mfanyakazi huyu tayari yuko kwenye daraja la kodi la asilimia 30, hivyo kila shilingi inayoongezwa hukatwa asilimia 30 ya kodi na asilimia 5 ya NSSF. Katika kila shilingi 100 za nyongeza, zinazomfikia ni 65. Zile 300,000 zinakuwa 195,000 mkononi. Pengo lililobaki ni shilingi 405,000 kila mwezi, na akiba yake ya 73,000 haiwezi kulifunika.

Ili ofisa apate shilingi 600,000 kamili baada ya makato, mwajiri angepaswa kumwongezea 600,000 zikigawanywa kwa 0.65, yaani takriban shilingi 923,000. Juu ya hizo mwajiri angelipa NSSF ya asilimia 10, takriban 92,000. Gharama yote kwake ingekuwa karibu shilingi 1,015,000 kwa mwezi kwa ajili ya kuziba pengo la 600,000. Hapo ndipo mazungumzo mengi ya uhamisho hukwama: mfanyakazi huhesabu fedha za mkononi, mwajiri huhesabu fedha zinazotoka kwenye bajeti, na wote wawili hutumia neno lile lile, nyongeza.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo. Asilimia 60 ilipatikana kwa kulinganisha matumizi, si mshahara mzima. Kodi na akiba hazipandi bei kwa sababu mtu amehamia Kampala. Kwa hiyo marekebisho ya ughali wa maisha hukokotolewa juu ya sehemu ya kipato inayotumika mahali anapoishi, kisha kiasi kinachopatikana huongezewa kodi. Mwajiri anayezidisha mshahara ghafi wote kwa asilimia 60 atalipa kupita kiasi kwa wenye mishahara mikubwa, ambao hutumia sehemu ndogo ya kipato chao. Akipunguza asilimia hiyo kwa makadirio ili kufidia hilo, atawapunja wenye mishahara midogo, ambao hutumia karibu kila wanachopata.

Nyumba inayolipiwa na mwajiri

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ina kipengele ambacho waajiri wengi hawakitumii. Mwajiri anapompa mfanyakazi nyumba badala ya fedha za kupangia nyumba, thamani inayotozwa kodi si lazima iwe kodi yote ya pango. Hutozwa kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: bei ya soko ya pango, au asilimia 15 ya kipato cha ajira pamoja na thamani hiyo ya pango.

Kwa ofisa wetu, mwajiri akipanga mwenyewe nyumba ya shilingi 600,000 na kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, asilimia 15 ya 2,100,000 ni 315,000. Hicho ndicho kiasi kinachoongezwa kwenye kipato chake kwa ajili ya kodi, nacho kinazaa kodi ya shilingi 94,500. Mkononi atabaki na 978,500, lakini halipii tena nyumba. Matumizi yake mengine ya Kampala ni milioni moja. Anapungukiwa na 21,500, na amepoteza akiba ya 73,000. Jumla ya upungufu ukilinganishwa na maisha ya Arua ni 94,500.

Upungufu huo unaweza kuzibwa kwa posho ya fedha ya takriban shilingi 156,000 kabla ya makato. Mwajiri sasa analipa 600,000 za nyumba, 156,000 za posho na takriban 16,000 za NSSF juu ya posho hiyo, jumla karibu 772,000. Mfanyakazi yuko pale pale alipokuwa Arua, na mwajiri ameokoa zaidi ya shilingi 240,000 kwa mwezi akilinganishwa na aliyetoa fedha taslimu.

Njia hii ina masharti yake. Mkataba wa pango unapaswa kuwa kati ya mwajiri na mwenye nyumba. Mfanyakazi akipanga mwenyewe kisha akarejeshewa fedha kila mwezi, malipo hayo hufanana na posho ya nyumba, na posho ya nyumba hutozwa kodi yote. Mfanyakazi naye hukosa uhuru wa kuchagua nyumba ndogo na kubakiwa na chenji, na ajira ikikoma nyumba huondoka nayo. Aidha, michango ya NSSF huwa midogo kuliko ambavyo ingekuwa kama angelipwa fedha taslimu, jambo linalopunguza akiba yake ya uzeeni.

Gharama za mara moja

Marekebisho ya kila mwezi hayagusi gharama za kuhama kwenyewe, na hizo hulipwa kabla mshahara wa kwanza wa Kampala haujaingia. Kuna lori la mizigo, nauli za basi za familia, malazi ya muda wakati nyumba ikitafutwa, na sare na ada za kuandikisha watoto upya, hasa uhamisho ukija katikati ya muhula. Kubwa kuliko zote huwa ni pango la awali. Mwenye nyumba akitaka miezi mitatu kwa mkupuo, ofisa wetu anapaswa kutoa shilingi 1,800,000 siku ya kwanza, kiasi kinachozidi mshahara wake wote wa mwezi kabla ya makato.

Kwa hiyo swali la wakati wa malipo lina uzito sawa na swali la kiasi. Utaratibu wa kurejeshewa fedha baada ya kuwasilisha risiti humfaa mwenye akiba, lakini humlazimisha asiye nayo kukopa ili amhudumie mwajiri wake. Malipo ya awali kwa vitu vikubwa viwili, lori na pango, na marejesho kwa vilivyosalia, huondoa tatizo hilo bila kuongeza gharama yoyote.

Aina ya malipo nayo huathiri kodi. Sheria huhesabu posho za aina zote kuwa kipato cha ajira, isipokuwa zile zilizoondolewa waziwazi, kama fidia ya gharama za usafiri, malazi na chakula anazotumia mfanyakazi akiwa safarini kutekeleza majukumu ya kazi. Mkupuo wa milioni tatu unaolipwa pamoja na mshahara bila maelezo wala risiti hukatwa kodi kama mshahara, na huenda ukapungua kwa theluthi moja kabla ya lori kukodiwa. Mwajiri anayemlipa mwenye lori moja kwa moja, na kuandika safari ya kuripoti kituo kipya kama safari ya kikazi yenye risiti, ana msingi imara zaidi wa kujitetea mbele ya mamlaka ya mapato.

Nchi jirani zina viwango vilivyoandikwa. Nchini Tanzania, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa mtumishi anayehamishwa posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu ya siku 14. Asilimia 10 ya mwaka ni mshahara wa mwezi mmoja na siku chache. Umoja wa Mataifa, kwa watumishi wake wa kimataifa, hulipa posho ya kujikimu ya siku 30 kwa mtumishi, nusu ya kiwango hicho kwa kila mwanafamilia anayemfuata, na mkupuo wa mshahara wa mwezi mmoja. Mifumo hiyo miwili, yenye utajiri tofauti kabisa, imefikia hitimisho linalofanana: kuhama hugharimu walau mshahara wa mwezi, mbali na usafiri. Udhaifu wa Tanzania umekuwa katika utekelezaji, kwani madai ya uhamisho ya walimu na watumishi wengine yasiyolipwa kwa wakati yamekuwa sehemu ya kudumu ya madeni ya serikali kwa watumishi wake.

Mtumishi wa umma: mshahara mmoja kwa nchi nzima

Kwa watumishi wa serikali ya Uganda picha ni tofauti. Mshahara hufuata ngazi ya mtumishi na taaluma yake, si mji. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya sekondari ya serikali hulipwa shilingi milioni nne tangu Julai 2022, awe Koboko au Kampala. Kenya imechagua njia nyingine: posho ya nyumba ya watumishi wa umma hupangwa kwa makundi ya maeneo, Nairobi ikiwa juu, na hubadilika mtumishi anapohamishwa.

Marekebisho ya kimaeneo yaliyopo Uganda huelekea upande wa pili. Tangu mwaka 2010 serikali imekuwa ikilipa posho ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi kwa watumishi wa maeneo yaliyoorodheshwa kuwa magumu kufikika, nje ya mipaka ya miji. Lengo lake ni kuwavuta watumishi kwenda pembezoni, na kwa lengo hilo ina mantiki. Lakini anayeipata akihamishiwa Kampala huipoteza siku ile ile gharama zake zinapopanda. Kwake uhamisho ni kushuka mara mbili, na si ajabu baadhi hutafuta kila njia ya kuuepuka.

Kisichoonekana kwenye orodha ya bei

Hata ulinganisho uliofanywa kwa uangalifu huacha nje mambo mawili ambayo familia za Arua huyajua vizuri. La kwanza ni shamba. Kaya nyingi za Ayivu, zikiwamo za watu wenye ajira za ofisini, hulima mihogo, maharage na ufuta kwenye ardhi ya ukoo iliyo karibu na jiji. Unga wa enyasa haununuliwi wote sokoni. Mchunguzi anayeuliza bei hulinganisha kilo ya unga Arua na kilo ya unga Kampala, ilhali kwa familia hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya unga wa shambani na unga wa dukani. Ikiwa shamba hutoa chakula cha thamani ya shilingi 100,000 kwa mwezi, kuhama kunaongeza 100,000 kwenye pengo, na hakuna orodha ya bei itakayoonyesha hilo.

La pili ni kipato cha mwenzi. Mwenye kibanda sokoni, cherehani au ajira ya ualimu Arua hawezi kuibeba kwenye lori. Miezi inayopita kabla hajaanza upya Kampala ni hasara ya familia nzima, ingawa barua ya uhamisho imeandikiwa mtu mmoja. Baadhi ya waajiri duniani hulipa posho ya mwenzi kwa muda maalumu kwa sababu hiyo. Bila posho hiyo, matokeo ya kawaida ni familia kubaki Arua na mfanyakazi kupanga chumba Kampala. Gharama zake hazipungui kwa kiasi anachodhani mwajiri: kaya mbili zinahitaji vyombo viwili, umeme mara mbili, na nauli ya basi ya kilomita 500 kila anapokwenda kuwaona watoto.

Dalili kwamba marekebisho hayakutosha huonekana katika kumbukumbu za ofisi zenyewe. Waliohamishwa huomba mikopo ya mshahara ndani ya miezi mitatu ya kwanza, familia zao bado ziko kituo cha zamani baada ya muhula mmoja wa shule, na watu wenye sifa hukataa kupandishwa cheo ikiwa cheo kiko mji mkuu. Dalili nyingine ni posho iliyosimama. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 huweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka cha kupandisha pango. Hata kikomo hicho kikiheshimiwa, nyumba ya shilingi 600,000 yaweza kufika 726,000 baada ya miaka miwili. Posho ambayo haipitiwi upya kila mwaka huliwa na pango peke yake.

Kinachopaswa kuandikwa

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa posho ya ughali wa maisha. Haki hiyo hutoka kwenye mkataba, kanuni za shirika au makubaliano na chama cha wafanyakazi. Sheria hutaka masharti ya kazi, pamoja na mahali pa kazi, yaandikwe, na mabadiliko yake mfanyakazi aarifiwe kwa maandishi. Barua ya uhamisho basi ndiyo mahali ambapo hesabu yote iliyoelezwa hapo juu inapata nguvu au inapotea.

Kipengele kimoja kinastahili uangalifu zaidi kwa wenyeji wa West Nile. Sheria humpa mfanyakazi aliyeajiriwa kwa ajili ya kazi iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwake haki ya kurejeshwa kwa gharama ya mwajiri mkataba unapokwisha, au ajira inapokoma kwa ugonjwa au ajali. Familia iliyoletwa na mwajiri hurejeshwa pia, hata mfanyakazi akifariki. Lakini mwenyeji wa Ayivu aliyeajiriwa kufanya kazi Arua hakuajiriwa, kwa herufi ya sheria, kwa ajili ya kazi ya mbali. Akihamishiwa Kampala na ajira ikakoma baada ya miaka mitano, mwajiri anaweza kudai kwamba kifungu hicho hakimhusu. Haki isiyotegemea alikoajiriwa huja tu baada ya miaka 10 ya utumishi. Sentensi moja katika barua ya uhamisho, inayotaja Arua kuwa mahali pa kurejeshwa na Kampala kuwa kituo kipya cha kazi, huondoa ubishi huo kabla haujazaliwa.

Jambo la pili la kuandikwa ni jina la malipo. Nyongeza ikichanganywa ndani ya mshahara, mwajiri atapata ugumu kuiondoa mfanyakazi akirudi Arua, na kwa sababu hiyo waajiri huogopa kuitoa. Ikitajwa peke yake kama posho ya kituo, yenye tarehe ya kupitiwa upya na kanuni ya kuikokotoa, inaweza kupanda au kukoma kulingana na mahali bila kugusa mshahara wa msingi. Kwa mfanyakazi gharama ya mpangilio huo ni kwamba malipo yanayokokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, kama baadhi ya malipo ya kustaafu, hayataongezeka.

La tatu ni iwapo kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya makato. Kwa ofisa wa mfano wetu, maneno hayo machache yana thamani ya shilingi 105,000 kwa mwezi katika nyongeza ya 300,000. Ni tofauti kati ya zile 300,000 alizosoma kwenye barua na 195,000 alizozikuta benki.